Mahali pa "tu" na "karibu" katika sentensi: ni lini nafasi ya neno huwa kosa

Kazi yangu hapa Lamu ni kuwaandikia watu barua na matangazo. Kikundi kimoja cha wenye mashua kilinitaka nikiandikie tangazo la nauli ya kuvukia, nami nikaandika hivi: "Abiria wanachama watalipa shilingi 200 siku ya Ijumaa tu." Kikundi kilikusudia kusema kwamba siku ya Ijumaa punguzo ni la wanachama peke yao. Tangazo lilipobandikwa jetini, wasio wanachama walifika na shilingi 200 mkononi na kusema kwamba hawajaona neno linalowazuia. Bibi mmoja mwanachama, ambaye alilisoma kwa utulivu kuliko sote, akaniita: "Mwanangu, hapa pameandikwa Ijumaa tu. Basi Alhamisi mimi silipi, au nalipa zaidi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sentensi yangu haikuwa na jibu.

Hakuna mwalimu ambaye angeitia alama ya kosa sentensi ile, kwani sarufi yake imesimama vizuri. Ubaya wake ni kwamba neno "tu" lilikuwa limeegemea "Ijumaa", ilhali kazi yake ilikuwa kwa "wanachama". Kwa hiyo, anayeuliza kama nafasi ya neno inaifanya sentensi kuwa kosa ajue kwanza kwamba anauliza maswali mawili. Mara chache nafasi huvunja sarufi yenyewe. Mara nyingi zaidi sentensi hubaki sahihi, lakini ikasema jambo ambalo mwandishi hakulikusudia, au ikasema mambo mawili kwa pamoja. Mwongozo huu unahusu hasa hali hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo inayompita mwandishi bila kuiona.

Anza na sentensi isiyo na "tu"

Iandike sentensi bila neno hilo: "Wanachama watalipa shilingi 200 Ijumaa." Kisha jiulize ni kitu gani unachotaka kukifungia nje. Kila "tu" inafunga mlango mbele ya kitu fulani, na ukikosa kukijua kitu hicho hutaweza kujua pa kuliweka neno. Ukitaka kuwafungia nje wasio wanachama, neno lako ni "wanachama". Ukitaka kuzifungia nje pesa zaidi ya hizo, neno lako ni "shilingi 200". Ukitaka kuzifungia nje siku nyingine, neno lako ni "Ijumaa".

Ukishalijua neno lako, liweke "tu" mara baada yake. Katika Kiswahili "tu" hutazama nyuma: hulibana neno au fungu la maneno lililolitangulia. "Wanachama tu watalipa shilingi 200 Ijumaa" inawatenga wanachama na watu wengine. "Wanachama watalipa shilingi 200 tu Ijumaa" inasema kiasi hakizidi hapo. "Wanachama watalipa shilingi 200 Ijumaa tu" inaitenga siku.

Limebaki pengo moja, nalo ni baada ya kitenzi: "Wanachama watalipa tu shilingi 200 Ijumaa." Hapa waandishi wengi hudhani wamebana kiasi cha fedha, kumbe msomaji wa pwani anasikia kitu kingine kabla ya hicho. "Watalipa tu" kwetu ni kauli ya kusisitiza: watalipa wapende wasipende. Mzazi anapomwambia mwanawe "utakwenda tu", hamaanishi kwamba atakwenda na hatafanya jambo jingine. Anamaanisha kwamba hakuna hoja itakayomzuia asiende. Kwa sababu hiyo, ukiwa na kiasi au idadi ya kubana, usiiweke "tu" kabla ya idadi. Andika "nina shilingi 100 tu", si "nina tu shilingi 100". Mpangilio huu wa pili siku hizi unaonekana mara nyingi katika habari zilizofasiriwa. Unaeleweka, lakini mimi huurekebisha kila ninapoukuta.

Hata hivyo, nisiseme kwamba "tu" baada ya kitenzi ni kosa daima. "Nilitaka tu kukujulia hali" ni Kiswahili safi kabisa, na kila mtu huisema hivyo, ingawa kinachobanwa ni "kukujulia hali", ambacho kinakuja baada ya "tu". Kitenzi kikuu kikiwa ni cha kutaka, kuomba au kujaribu, nacho kikafuatwa na kitenzi kingine, viwili hivyo huchukuliwa kama fungu moja, na "tu" inaweza kukaa katikati au mwishoni bila kubadilisha maana. Vilevile "nilimwona tu" ni sahihi ikiwa unataka kusema kwamba ulimwona na hukuzungumza naye, kwa sababu hapo kitendo chenyewe ndicho kinachobanwa.

Ndani ya fungu la nomino

Jina likiwa na vivumishi na viambatisho, mwandishi ana nafasi zaidi ya moja, na hapa ndipo umakini unapolipa. Chukua mfano wa nyumba za Mji wa Kale: "Mtaa huu una nyumba tatu za matumbawe tu." Msomaji mmoja ataelewa kwamba ziko tatu na si zaidi. Mwingine ataelewa kwamba nyumba hizo tatu zimejengwa kwa matumbawe peke yake, bila saruji wala matofali. Ukiisogeza "tu" hatua mbili nyuma, ukaandika "nyumba tatu tu za matumbawe", shaka inaondoka: kinachobanwa ni idadi. Kiswahili kinaruhusu "tu" kuingia baada ya idadi na kabla ya kiambatisho cha "-a", na ruhusa hiyo itumie bila hofu, kwa sababu ndiyo njia fupi kuliko zote ya kuibana idadi.

Kinyume chake, ukitaka kuyabana matumbawe, "tu" ya mwisho haikutoshi kwa sababu msomaji atavutwa na idadi. Andika "nyumba tatu zilizojengwa kwa matumbawe matupu", au "matumbawe pekee". Neno "pekee" linafanya kazi ile ile ya "tu", ila lina uzito zaidi, na sikio halilichanganyi na maana nyingine za "tu". Usilichanganye tu na "peke yake": "nahodha pekee alikuja" ni kwamba wengine hawakuja, na "nahodha alikuja peke yake" ni kwamba hakuongozana na mtu. Katika sentensi ya pili huenda wengine nao walikuja, kila mmoja kwa wakati wake.

"Tu" ya mwisho wa sentensi

Mwisho wa sentensi ndipo mahali panapozaa mashaka mengi kuliko pote, kwa sababu "tu" iliyokaa hapo inaweza kulibana neno la mwisho, au kukibana kitendo kizima pamoja na yote yanayokifuata. "Alimuuzia jirani mashua tu" yaweza kumaanisha kwamba hakumuuzia nyavu wala tanga, na yaweza pia kumaanisha kwamba alichofanya ni kuuza mashua, basi, hakuna jambo jingine lililotokea baina yao. Katika mazungumzo sauti na uso wa msemaji huchagua moja kati ya hizo mbili. Kwenye karatasi hakuna wa kuchagua.

Dawa ninayoitegemea ni kulitanguliza neno linalobanwa, likakaa baada ya "ni", kisha kitenzi kikafuata kwa o-rejeshi. "Ni mashua tu aliyomuuzia jirani." "Ni jirani tu aliyeuziwa mashua." Muundo huu hauna tundu, kwa sababu "ni ... tu" inalishika neno pande zote mbili.

Lakini hata muundo huo hauponyi sentensi ambayo kitenzi chake chenyewe hakifai. Nilipoketi kulirekebisha tangazo la jetini, niliandika kwanza: "Siku ya Ijumaa, ni wanachama tu watakaolipa shilingi 200." Nafasi ya "tu" ilikuwa imekaa sawasawa. Nikaisoma tena kwa jicho la yule bibi, nikaona kwamba asiye mwanachama anaweza kusema: ikiwa ni wanachama tu watakaolipa, basi mimi nitavuka bure. Kilichotakiwa kufungwa hakikuwa kulipa, kilikuwa kupunguziwa. Tangazo lililobandikwa hatimaye lilisomeka hivi: "Siku ya Ijumaa, ni wanachama tu watakaopunguziwa nauli, nao watalipa shilingi 200. Abiria wengine watalipa nauli ya kawaida. Siku nyingine zote nauli ni moja kwa kila mtu." Limekuwa refu mara tatu, lakini hakuna aliyekuja kuniuliza tena.

Kwa hiyo kipimo cha mwisho cha kila sentensi yenye "tu" ni kumalizia kwa sauti upande uliofungwa: "na wasio wanachama ...?" Ukiweza kuimalizia kwa njia moja tu, iache. Ukiweza kuimalizia kwa njia mbili, sogeza neno au badilisha kitenzi.

Pale ambapo "tu" si ya kubana

Kuna matumizi ambayo yanafanana na hayo kwa sura. "Hali yake nzuri tu" haisemi kwamba hali ni nzuri na basi, inatuliza. "Boti ilipofika tu, abiria walishuka" inasema mara ilipofika, na ukiihamisha "tu" ukaandika "boti ilipofika, abiria tu walishuka", umewaacha mabaharia na mizigo ndani ya boti. Na kuna mtego mmoja ambao nimeuona katika barua za vikundi: "Sisi tu walinzi wa kisima hiki." Hapo "tu" ni kitambulisho cha nafsi ya kwanza wingi, yaani sisi ni walinzi, lakini asiyeizoea sarufi hiyo atasoma kwamba hakuna walinzi wengine. Andika "sisi ni walinzi" ukikusudia la kwanza, na "ni sisi tu tunaokilinda" ukikusudia la pili.

Kuhusu "si ... tu, bali", nafasi ninayoipendelea ni baada ya neno: "Si wavuvi tu, bali na wachuuzi wa samaki walihudhuria." Wanaoandika "si tu wavuvi bali pia wachuuzi" wanaeleweka, na kwa sentensi nzima inayofuata, kama "si tu kwamba walichelewa", nafasi hiyo haina budi. Kwa jina moja moja, irudishe nyuma.

Kwa nini mazoea ya Kiingereza yanatupotosha

Wengi wetu tulifundishwa kuandika kwa Kiingereza, na lugha hiyo ina tabia ya kuliweka neno lenye maana ya "tu" kabla ya kitenzi hata pale linapobana kitu kilicho mbali mwishoni. Mjadala kama hilo ni kosa ni wa zamani huko kwao. Robert Lowth, mwanasarufi aliyekuja kuwa askofu, aliwakosoa watu katika miaka ya 1760 kwa kusema kitu kama "mimi tu nilisema maneno matatu" kwa mpangilio wa lugha yao, akidai kwamba neno lile liwekwe karibu na "maneno matatu". Mwaka 1926 H. W. Fowler, mwandishi wa kamusi ya matumizi ya Kiingereza, aliwatetea wasemaji wa kawaida: ikiwa hakuna msomaji atakayepotea, nafasi ya mazoea iachwe. Waingereza wanaweza kuumudu ulegevu huo kwa kuwa neno lao hutangulia na linaweza kubana kitu chochote kinachofuata, huku sauti ikikazwa juu ya neno linalohusika. "Tu" yetu haina uhuru kama huo. Inaegemea neno la nyuma yake, na ukiihamisha kwa kufuata mpangilio wa kigeni, inaegemea neno jingine mara moja. Ndiyo maana huruma ya Fowler haiwezi kuhamishwa nzima ikaletwa kwetu.

"Karibu" hutazama mbele

Jambo la kwanza la kulishika kuhusu "karibu" ni kwamba mwelekeo wake ni kinyume cha "tu". "Tu" hulibana lililotangulia, na "karibu" hupunguza linalofuata. "Walikuja watu karibu 50" na "walikuja karibu watu 50" ni sawa, na hakuna sababu ya kumsahihisha mtu kwa hilo: katika zote mbili "karibu" imetangulia idadi ndani ya fungu lile lile. Vivyo hivyo "wavuvi karibu wote wa Matondoni" na "karibu wavuvi wote wa Matondoni". Ila chunga kichwa cha habari au tangazo lisilo na kitenzi. "Karibu wageni wote" ukutani ni mwaliko, ingawa kwa wengi ungepaswa kuwa "karibuni". Ukitaka maana ya kukaribia ukamilifu, tumia "wageni karibu wote", ambayo haiwezi kusomwa kama salamu.

Hatari huanza pale "karibu" inapohama kutoka kwenye idadi na kwenda kwenye kitenzi. Nahodha mmoja alinijia na barua aliyoiandika mwenyewe kwa mwenye duka wa Faza. Alikuwa amebeba magunia 40 ya unga, na kusi ilimpiga katika mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara. Maji yaliingia, na magunia 36 yakaharibika. Barua yake ilisema: "Karibu tulipoteza magunia yote 40." Mwenye duka alisoma, akamshukuru Mungu, akatuma mtu kuja kuchukua unga wake.

Alivyosoma hakukosea. "Karibu" iliyotangulia kitenzi hukipunguza kitendo: kilikuwa kitokee, hakikutokea. "Karibu" iliyotangulia "magunia yote" huipunguza idadi: hasara ilitokea, ila haikufika kikomo. Barua ilipaswa kusema "tulipoteza karibu magunia yote". Neno moja limevuka kitenzi, na hasara imegeuka kuwa salama.

Tena barua ile ilikuwa na kosa la pili, na hili ni la sarufi kweli. "Karibu" au "nusura" ikiwa inahusu tukio lililokosa kutokea, kitenzi chake hukaa katika dhamira tegemezi, yaani umbo la "tupoteze", "izame", "nianguke". Haisemwi "karibu ilizama". Husemwa "karibu izame" au, vizuri zaidi, "nusura izame". Umbo hilo la kitenzi ndilo linalomwambia msomaji kwamba jambo halikuwa. Nahodha angekuwa amelitumia, angeigundua mwenyewe tofauti, kwa sababu "nusura tupoteze magunia yote" isingeweza kutoka mdomoni mwa mtu ambaye magunia yake 36 yameloa.

Umbo la kitenzi pia hutenganisha maana ya muda. "Boti karibu itafika" ni kwamba itafika baada ya muda mfupi. "Boti karibu ifike" ni kwamba iko mlangoni, au ilikuwa ifike ikakwama, kutegemea habari inayozungumzwa. Na "boti iko karibu na Mokowe", kwa "na", ni mahali peke yake. Ukiondoa "na" pale inapohitajika, au ukaiongeza pale isipohitajika, msomaji hajui kama unataja umbali au idadi: "walisimama karibu na watu 50" ni kusimama pembeni mwa kundi.

"Nusura" ina raha moja ambayo "karibu" haina: nafasi ya mtenda haibadilishi kitu. "Nusura boti izame" na "boti nusura izame" ni sawasawa, na anayemkosoa mwenziwe kwa kuchagua moja anapoteza wino. Masharti yake ni mawili. Ifuatwe na kitenzi cha dhamira tegemezi, na isitumike kwa idadi. Hakuna "nusura watu 50".

Ila "nusura tupoteze magunia yote" nayo ina mpaka wake. Inasema kwamba si yote yaliyopotea, na msomaji wa kawaida ataelewa kwamba hakuna lililopotea, lakini maneno yenyewe hayalizuii gunia moja au mawili kuwa yameharibika. Hapo hakuna nafasi ya neno itakayokusaidia. Kinachosaidia ni tarakimu. Tulipoiandika upya barua ya nahodha, tuliliacha neno "karibu" kabisa: "Kusi ilitupiga katika mlango wa Mkanda. Magunia 36 kati ya 40 yaliingia maji na hayafai kuuzwa. Magunia manne yamesalimika, nayo yamo dukani kwangu Langoni yakikusubiri." Mwenye duka alituma mtu, safari hii akiwa na mkokoteni mmoja badala ya punda sita.